Sikio la Kushoto la Bi Funguo

Katika nyumba ile hakuna aliyeuliza akae wapi. Shangazi akiwa kwenye kochi, unakwenda kukaa kuliani kwake, basi. Ukijisahau ukakaa kushoto, utaongea mpaka mate yakukauke, naye anatazama televisheni kwa raha zake kana kwamba wewe ni mto wa kochi. Sikio la kushoto liliharibiwa na homa tangu utotoni, na wazazi wake, kwa kuogopa kwamba binti atakosa mchumba, walimkataza kulitaja. Akakatazika kwelikweli. Aliolewa nalo, akaachwa nalo, na ukweni hawakuwahi kujua.

Mama Kopi alikulia kuliani kwa shangazi huyo. Jina hilo alipewa na wateja, maana ana duka la kutoa fotokopi, dogo kiasi kwamba wateja wawili wakiingia wa tatu husubiri nje. Wazazi wake walifariki akiwa bado na meno ya utoto, shangazi akamchukua, akamlea na kumsomesha kwa cherehani. Mpaka leo Mama Kopi akisikia cherehani inalia mahali hupunguza mwendo.

Dukani, kati ya mteja na mteja, Mama Kopi huandika vitabu. Usicheke. Mashine ikipata moto lazima ipumzishwe, na mtu afanye nini wakati mashine inapumzika? Wengine husengenya. Yeye alianzisha nyumba ya wageni kichwani, akamweka humo mwenye nyumba mmoja mwenye tungo la funguo kiunoni na mdomo usiolala, akamwita Bi Funguo. Mgeni anafika na begi lake, na shida yake imo begini. Bi Funguo anaigundua kabla chai haijapoa.

Lakini chini ya vituko hivyo vyote palikuwa na jambo moja ambalo ndilo lililomfanya ashike kalamu. Mume wa shangazi alikuwa dereva wa malori ya masafa. Alfajiri moja alirudi bila taarifa, akagonga, akaita dirishani, akaita tena. Kimya. Shangazi alikuwa amelalia ubavu wa kulia, sikio zima limezama kwenye mto, na lile lililokuwa juu ni lile lisilosikia. Mume akapanda lori lake akaenda kwa dada yake, akasema, "Amenifungia mlango." Wifi akalichukua neno hilo akalitembeza mtaa mzima, tena kwa miaka. Shangazi angejitetea vipi? Kujitetea kungekuwa kulifichua sikio, na kulifichua kungekuwa kuwaumbua wazazi wake. Akanyamaza. Mume hakurudi, na baadaye akafariki huko huko alikokwenda.

Haya shangazi aliyasema mara moja tu, akimsuka mpwa wake nywele. Msichana alipokuwa mtu mzima na kuanza kuandika, alimwomba ruhusa.

"Andika," shangazi alimwambia. "Mimi sasa namficha nani? Jina langu tu usiniwekee."

Basi Bi Funguo naye akawa mke aliyesemwa kwamba alimfungia mumewe mlango, na jibu likawekwa mwisho kabisa wa mfululizo.

Mswada wa kwanza ulipofika kwa mchapishaji, ulipokelewa na mhariri ambaye watu wa pale humwita Bi Mkasi. Ofisi yake iko juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na ukipanda ngazi unapanda na harufu ya rangi na misumari. Bi Mkasi hana maneno mengi ya kukufariji. Siku ile aliuweka mswada mezani, akavua miwani.

"Umesema hiki ni cha kwanza. Mwisho wa vyote unaujua?"

"Naujua."

"Afadhali. Wengi huja hapa na mwanzo tu, kama mtu aliyenunua mlango akangoja nyumba." Akavuta karatasi. "Sasa nisikilize, mama. Kitu kikishachapwa hakifutiki. Kwa hiyo kabla hatujachapa, amua yale ambayo yakishatoka hutaweza kuyageuza. Umri wao. Nani amekufa. Nyumba imekaaje. Swali kuu na jibu lake. Hayo yafunge sasa."

"Na mengine?"

"Mengine yaache yapumue. Mgeni wa kitabu cha tatu atakuja na kazi yake akifika."

Mama Kopi alikuwa ameshafunga kila kitu. Alikuwa na ukurasa mzima juu ya paka wa Bi Funguo, rangi yake, mama yake, na samaki anaowapenda. Bi Mkasi aliupitia ukurasa huo taratibu, kisha akaukata kwa mstari mmoja wa kalamu nyekundu. Mama Kopi alirudi dukani amenuna, ila alifanya alivyoambiwa. Alichora ramani ya nyumba ya Bi Funguo, vyumba, ua, jiko, na ile ngazi nyembamba ambayo ukishuka, ukuta unakuwa kuliani kwako. Akaikuza kwenye mashine, akaibandika ukutani. Wateja walidhani anajenga. Fundi mwashi mmoja, aliyekuja kutoa kopi ya kitambulisho, aliikodolea macho akamwambia choo kimekaribiana mno na jiko, amwambie huyo mchoraji aache mzaha.

Akatengeneza pia jalada la kuwekea kumbukumbu, kila mhusika na karatasi yake. Kila alipomaliza sura, alichukua mswada akahamishia kwenye karatasi yale yaliyosemwa humo. Kwa Bi Funguo aliandika, tena akapigia mstari: *Sikio la kushoto halisikii. Kitabu cha kwanza, sura ya pili.* Alipoweka alama ya nukta pale alijisikia kama mtu aliyefunga mlango kwa komeo.

Kitabu cha kwanza kikatoka, kikapendwa. Cha pili kikafuata, kikapendwa zaidi, na wasomaji wakaanza kuandika barua kwa mchapishaji. Mmoja alitaka kujua Bi Funguo anatumia nini ngozi yake ikang'aa vile. Mwingine aliuliza kwa nini mama mkarimu namna hiyo huwa na maringo akiwa kwenye ngazi. Bi Mkasi alizituma zote dukani bila maoni. Mama Kopi akazisoma kwa sauti kwa shangazi, wakacheka, wakazihifadhi kwenye kopo la biskuti.

Mambo yalikuwa mswano mpaka mswada wa tatu, ule wa mwisho, ulipofika kwenye meza ya Bi Mkasi. Simu ikalia dukani asubuhi.

"Njoo," Bi Mkasi alisema. "Njoo sasa hivi."

Mama Kopi alifunga duka, akapanda ile ngazi ya harufu ya rangi. Bi Mkasi hakumkaribisha hata kiti.

"Hili sikio limetoka wapi?"

"Sikio gani?"

"La Bi Funguo! Vitabu viwili nimemjua mwanamke huyu, namjua kuliko dada yangu. Leo, sura ya mwisho, unaniambia ana sikio lisilosikia, na ndiyo sababu hakumfungulia mumewe. Msomaji atakurushia kitabu. Mimi mwenyewe karibu nikirushe, ila dirisha lilikuwa wazi."

"Lakini limesemwa," Mama Kopi alijibu, na jalada lilikuwa mkobani, akalitoa kwa kujiamini. "Hili hapa. Kitabu cha kwanza, sura ya pili."

Bi Mkasi alinyanyuka, akachukua kitabu cha kwanza rafuni, akafungua sura ya pili, akampa. Mama Kopi alisoma. Akarudi mwanzo wa sura, akasoma tena. Hakukuwa na homa, hakukuwa na wazazi wanaokataza, hakukuwa na sikio. Ndipo akakumbuka. Sura ile ilikuwa ndefu, na Bi Mkasi mwenyewe, ambaye sasa alikuwa amesahau, alikuwa ameikata katikati, akaandika pembeni, *Unajibu kabla hatujauliza.* Yeye akakubali, akatia saini kurasa za majaribio, kitabu kikaenda mtambani. Lakini jaladani hakurudi. Jalada lilibaki likishuhudia mswada ambao hakuna msomaji hata mmoja aliyewahi kuuona.

Alikaa sasa bila kukaribishwa.

"Tunaweza kubadili mwisho," Bi Mkasi alisema, sauti imeshuka kidogo. "Aseme alimsikia. Aseme alimsikia vizuri sana, akaamua kutofungua. Mwanamke jeuri. Wasomaji watampenda."

"Hapana."

"Kwa nini hapana? Ni hadithi tu."

Mama Kopi alilirudisha jalada mkobani. Angeandika vipi, kwa mkono wake, lile neno lile lile ambalo wifi alilitembeza? Shangazi angeketi kochini, asomewe, asikie kwa sikio lake moja zima kwamba hata mtoto aliyemlea ameungana nao. Alimweleza Bi Mkasi habari yote, bila kupamba. Bi Mkasi alisikiliza akifuta miwani iliyokwisha kuwa safi.

"Mchapaji amenitengea nafasi wiki ijayo," alisema hatimaye. "Nikiikosa, tunakwenda nyuma ya vitabu vya shule, na huko foleni haina mkia. Nakupa mpaka Ijumaa. Na nenda na vitabu, siyo na jalada. Msomaji hana jalada lako. Yeye anacho kilichochapwa. Kama sikio limo humo, hata unyayo wake tu, niletee. Kama halimo, tunabadili mwisho."

Alasiri ile ile Mama Kopi aliketi barazani, kuliani kwa shangazi, na vitabu viwili na penseli. Hakumwambia lolote la ule mwisho mwingine. Alisema tu kwamba kuna jambo analitafuta, na shangazi, ambaye hajawahi kukataa kusomewa, alinyoosha miguu akasema, "Anza mwanzo. Usiruke."

Akaanza mwanzo. Alisoma kama mgeni, kama mtu ambaye hajawahi kumwona Bi Funguo, na jambo hilo lilikuwa gumu kuliko kuandika. Mwanzoni hakuona kitu. Kisha Bi Funguo akampokea mgeni wake wa kwanza, na kabla ya kumsikiliza akalisogeza stuli lake kwenda upande wa pili wa meza. Mama Kopi aliweka alama. Baadaye kidogo, redio ya jikoni ilikuwa imewekwa kuliani kwa jiko, na kijakazi aliyeihamisha alikemewa. Alama nyingine. Halafu ile ngazi. Mgeni anapanda, Bi Funguo anashuka, mgeni anamwamkia kwa adabu zote, Bi Funguo anapita kama mlingoti.

Mama Kopi aliacha kusoma. Ukuta wa ngazi ile uko kuliani ukishuka. Anayepanda lazima apite kushoto kwake.

Akafungua kitabu cha pili kwa pupa, akaitafuta ngazi. Ilikuwamo tena, mgeni mwingine, salamu nyingine, maringo yale yale, na ukuta upande ule ule, kwa kuwa ramani ilikuwa ikining'inia juu ya mashine na hakuthubutu kuihamisha ngazi hata kwa dole. Hakuwa amekusudia chochote. Alikuwa ameandika tu namna mwanamke anavyoishi nyumbani, na mwanamke pekee aliyemjua vizuri alikuwa akiishi hivyo. Alimtazama shangazi pembeni yake, uso umeelekea uani, sikio zima limeelekea kwake, na shukrani zikampanda ghafla hadi machoni.

"Mbona umenyamaza?" shangazi aliuliza. "Endelea. Wifi hajapiga simu bado."

Simu ya wifi! Mama Kopi aliifungua sehemu ile. Ilikuwa sehemu ya kuchekesha. Wifi wa Bi Funguo anapiga simu kufoka, na Bi Funguo anajibu "nimekusikia, wifi" huku akimenya vitunguu. Pale, kwa herufi nyeusi zisizofutika, palikuwa pameandikwa kwamba aliubana mkono wa simu kati ya bega na sikio la kushoto.

La kushoto. Sikio lisilosikia limepokea simu. Msomaji mmoja tu akiliona hilo, sikio lote limekwenda na maji. Mama Kopi alisoma hadi mwisho kwa sauti iliyokauka, akangoja.

Shangazi alikuwa akicheka. Alicheka mpaka akashika ubavu.

"Siku zote nasahau kukuuliza, uliyaona hayo ulipokuwa mdogo? Ala! Mtoto una macho wewe."

"Yapi, shangazi?"

"Simu ya wifi. Mimi namweka huku." Akapiga sikio lake la kushoto kwa kidole. "Tangu zamani. Anapayuka weee, mimi namwambia nimekusikia wifi, mradi asijue. Ukimweka huku kulia utakufa na presha."

Mama Kopi alimkumbatia pale pale, penseli na vitabu vikaanguka chini, na shangazi akauliza kwa mshangao kama kuna mtu amefariki.

Siku tatu zilizobaki aliiandika upya sura ya mwisho. Hakuongeza jambo geni. Alimleta tena mgeni wa kwanza, akampandisha ngazi, mgeni akamwamkia Bi Funguo, akapitwa. Safari hii mgeni hakununa. Alisimama katikati ya ngazi akawaza juu ya stuli, juu ya redio, na juu ya simu ya wifi. Kisha akashuka, akazunguka upande wa pili, akasema salamu yake kwa sauti ya chini kabisa. Bi Funguo akaitikia. Hapo ndipo habari ya mume na dirisha ikafunguka.

Ijumaa alipanda kwa Bi Mkasi na vitabu viwili vimejaa vipande vya karatasi. Bi Mkasi alivisoma vyote kimya, kipande kwa kipande, akilinganisha na sura mpya. Alipofika kwenye simu aliguna, halafu akaangua kicheko ambacho kilimfanya mpanga kurasa wa chumba cha pili achungulie mlangoni.

"Kumbe ndiyo yale maringo ya ngazini! Yule msomaji wetu aliona kabla yetu sote." Alivua miwani. "Nami nisijifanye mjanja. Nilikata maelezo kwa sababu yalichosha. Hizi dalili sikuziacha makusudi, sikuziona tu."

"Mimi nakushukuru kwa kukata," Mama Kopi alisema. "Ungeliacha lile sikio sura ya pili, mtu asingeona kitu kwenye ngazi. Angejua tayari, akapita."

Bi Mkasi hajazoea kushukuriwa kwa mkasi wake. Alipekua karatasi, akazipanga ambazo zilikuwa zimepangwa, kisha akamwagiza amalizie kitu kimoja kabla ya kuondoka. Waligawanya jalada papo hapo. Karatasi nyeupe ni za yaliyochapwa, na kila jambo na ukurasa wake kutoka kwenye kitabu chenyewe, siyo mswada. Za njano ni za yaliyokusudiwa. Kitabu kikitoka mtambani, mwandishi anaketi nacho, anasoma, na kilichonusurika ndicho kinachohamia kwenye nyeupe. Kilichokatwa hubaki njano mpaka kipate kitabu kingine. Kwenye nyeupe ya Bi Funguo wakaandika pia *simu ya wifi, sikio la kushoto,* na Bi Mkasi akapigia mstari kwa wino wake mwekundu. Siku hizi, waandishi wengine wakija na mfululizo, huwaonyesha jalada hilo, na huwaambia wasithubutu kuyafunga mapema hata mambo ya paka.

Kitabu cha tatu kilipotoka, ukurasa wa mwanzo ulikuwa na maneno machache: *Kwa aliyenikalisha kuliani kwake.* Mama Kopi alimsomea shangazi kuanzia hapo hadi mwisho, kwa siku kadhaa, barazani. Kwenye dirisha na mume anayeita, shangazi alimshika mkono, akaushikilia hivyo mpaka ukurasa ukageuzwa kwa mkono mmoja.

"Ndivyo ilivyokuwa," alisema. "Mungu akubariki, mwanangu. Ndivyo ilivyokuwa hasa."

Jumapili iliyofuata simu ya shangazi, ambayo sauti yake imefunguliwa hadi mwisho, ililia. Mama Kopi alitazama kioo chake, akaona ni wifi, yule yule, mzee sasa, anayeishi na wajukuu. Shangazi akaichukua, akaipeleka kwenye sikio la kushoto kama desturi, mdomo tayari kusema nimekusikia. Lakini hata Mama Kopi, kutoka alipokaa, alisikia kwamba upande wa pili hakuna anayefoka. Ilikuwa sauti ya chini, yenye kukatikakatika, na kati ya maneno yake alisikia "mjukuu wangu kanisomea," kisha "dirishani," kisha jina la shangazi, likirudiwa kama mtu anayebisha hodi.

Shangazi hakuwa amesikia kitu. Alimwona tu mpwa wake analia, akamtazama sana. Kisha akaitoa simu sikioni taratibu, akaihamishia kulia.

"Sema tena, wifi," alisema. "Sema, nakusikia."